Wasifu za timu kwenye tovuti ya kampuni ya ushauri elekezi: nawezaje kuzilinganisha bila zote kusomeka kama nakala moja?

Mtunza_Kurasa

Habari za kazi, wanajukwaa. Nimekabidhiwa kazi ya kuandika upya ukurasa wa timu wa kampuni ndogo ya ushauri elekezi yenye watu 14, kuanzia wabia wawili hadi wachambuzi waliojiunga karibuni. Kila mmoja aliombwa atume wasifu wake mwenyewe, na nilichopokea ni vurugu tupu. Mfupi kuliko zote una maneno 31, mrefu unakaribia 400. Watano wameandika kwa "mimi", wengine kwa nafsi ya tatu, na mmoja ameanza kwa "ni mtaalamu aliyebobea" akamalizia kwa "nimejaliwa kipaji cha kusikiliza".

Nimetumia siku tatu nikihariri mmoja baada ya mwingine, lakini kila nikirudi kwenye uliotangulia naona haufanani na niliotoka kuumaliza. Maagizo niliyopewa ni mafupi: nafsi ya tatu, ufupi, na zote zilingane. Nisichoelewa ni kwamba, je, kulingana maana yake ni kutumia maneno yale yale? Na mbia mwenye miaka mingi kazini atalinganaje na kijana aliyemaliza chuo juzi?

Fundi_Violezo

Ndugu yangu, unajitesa bure. Tengeneza sentensi tatu zenye nafasi za kujaza: "Fulani ni (cheo) mwenye uzoefu wa miaka (idadi) katika (fani). Amefanya kazi na (aina ya wateja). Ana (shahada)." Ukishajaza kwa watu wote 14, kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana, na hakuna atakayelalamika kwamba mwenzake amependelewa. Mimi nimefanya hivyo kwa kampuni tatu.

Kalamu_Nyekundu

Fundi yuko sahihi kwa nusu ya jambo, nami ningependa kuanza na nusu hiyo. Ni kweli kwamba mpangilio uamuliwe mapema na usibadilishwe njiani. Msomaji wa ukurasa wa timu hasomi wasifu mmoja kama hadithi, bali hupitisha macho kwenye picha, akasoma mitatu au minne kwa haraka, akilinganisha nani anashughulikia nini. Akizoea kwamba sentensi ya kwanza hueleza eneo la kazi, atalitafuta hapo hapo kwa kila mtu, na akikuta mahali hapo pana orodha ya vyuo atadhani mtu huyo hana eneo maalumu.

Nusu ya pili ndiyo yenye matatizo, na yanatokana na lugha yetu yenyewe. Kwa kuwa kiambishi cha nafsi kimo ndani ya kitenzi, mwandishi asiye mwangalifu hujikuta akiandika "Ana uzoefu wa", "Ana shahada ya", "Anapenda", "Amefanya". Ukifanya hivyo kwa watu 14, kila mmoja sentensi tatu, utakuwa na sentensi 42, na karibu theluthi mbili yake zitaanza kwa sauti moja. Kwenye wasifu mmoja hutaliona hilo, lakini ukizisoma zote mfululizo kwa sauti, utasikia kama mtu anayeita mahudhurio.

Kinachopaswa kufanana ni mfuatano wa habari, ukubwa wa kila habari, na nyakati za vitenzi. Mimi hutumia sentensi nne. Ya kwanza inataja cheo na kazi anayoifanya mtu huyo kila siku, nayo huichanganya na "hu-": "ni mshauri wa mifumo ya rasilimali watu, na husaidia hospitali kupanga zamu". Ya pili inataja kazi moja iliyokamilika, kwa "ali-". Ya tatu inaeleza alikotoka, nayo huianza kwa "Kabla ya kujiunga na kampuni". Ya nne ndiyo peke yake inayopewa ruhusa ya kuanza kwa "Ana", kwa sababu inataja sifa za kitaaluma. Kwa njia hiyo kila sentensi ina mwanzo wake, na bado wasifu zote zinatembea kwa hatua moja.

Uwe mwangalifu na "ame-". Ukisema "ameongoza mageuzi ya idara ya fedha", msomaji hajui kama kazi hiyo ilikwisha, inaendelea, au ilikwama. "Aliongoza" haiachi mashaka hayo, hasa ukiambatanisha mwaka.

Na jambo la mwisho kwa leo: usiwaombe watu wasifu tena. Waombe majibu. Ukimwambia mtu "nitumie wasifu wako", atakutumia anavyotamani kuonekana. Waulize wote maswali yale yale: watu wakikutafuta kazini huwa wanataka uwasaidie nini, ni kazi ipi moja ya miaka mitatu iliyopita ambayo wewe mwenyewe ulifanya sehemu inayoonekana, na nini kilibadilika baada yake, kabla ya hapa ulikuwa wapi na kwa cheo gani, una sifa gani rasmi. Kisha mwandishi awe mmoja tu, yaani wewe.

Zabuni_Daima

Naona mnamshauri vibaya. Sentensi nne hazitoshi hata kidogo. Kamati za tathmini hutaka kuona kila mradi, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, nafasi aliyoshika mtaalamu, thamani ya mkataba, na saini yake chini. Sisi tuliwahi kukatwa alama kwa sababu mtaalamu mmoja hakuonyesha miezi. Andika kila kitu, na usiogope kurasa tano.

Mtunza_Kurasa

Asante Zabuni, lakini unachokieleza ni wasifukazi unaoambatishwa kwenye zabuni, ambao kampuni inao tayari na unasomwa na mtu anayelazimika kuusoma hadi mwisho. Mimi nazungumzia maneno machache yanayokaa chini ya picha.

Kalamu, nimeanza kuelewa. Ili tusizungumze hewani, naweka hapa mmoja wa wasifu nilizopokea, baada ya kuondoa jina:

"Mimi ni mtaalamu mbobezi wa masuala ya fedha mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 15 na shauku kubwa ya kuleta matokeo chanya. Nimehusika katika miradi mingi mikubwa ya mashirika ya ndani na nje, ikiwemo kushauri taasisi za elimu kuhusu mifumo ya fedha. Nina uwezo mkubwa wa kufanya kazi katika timu na chini ya shinikizo. Nina Shahada ya Uzamili ya Uhasibu na Fedha."

Nimejaribu kubadilisha "mimi" kuwa "yeye" na "nime-" kuwa "ame-", na matokeo yake yamekuwa mabaya kuliko mwanzo. Kujisifu kwa nafsi ya kwanza kulikuwa na uchangamfu fulani. Kwa nafsi ya tatu ni kana kwamba kampuni inamsifu mtu msibani.

Kalamu_Nyekundu

Umeona vizuri, na sababu yake ni kwamba kubadilisha nafsi hakubadilishi msemaji. Wasifu wa nafsi ya tatu unasemwa na kampuni, na kampuni haiwezi kujua shauku ya mtu. Inaweza kujua kazi alizopewa na kilichotokea.

Tuupitie huo uliouweka. Kipimo changu cha kwanza ni kuchukua sentensi moja na kuiweka chini ya picha ya mwenzake: ikiendelea kuwa kweli, ifutwe. "Uwezo mkubwa wa kufanya kazi katika timu" itakaa chini ya picha zote 14, kwa hiyo inaondoka. "Shauku" na "matokeo chanya" vinaifuata. "Mbobezi" nalo linaondoka, kwa sababu ukimwita mmoja mbobezi utalazimika kuwaita wote, na kufika mtu wa tano neno litakuwa limekwisha makali.

"Zaidi ya miaka 15" ina kasoro nyingine. Ni kweli leo, lakini mwakani itakuwa imepitwa, na hakuna atakayekumbuka kuibadilisha. Andika mwaka ambao hausogei: "tangu 2009", au "alijiunga mwaka 2018".

Kisha tunafika kwenye "nimehusika katika". Huu ndio msemo ninaouwinda kuliko yote, kwa maana aliyeongoza mradi na aliyepiga chapa barua zake wote wamehusika. Hapa huwezi kuhariri kwa kukisia. Lazima urudi kwa mwenyewe umuulize alifanya nini kwa mikono yake. Tuseme amekujibu kwamba alipanga upya namna chuo kimoja kinavyoidhinisha malipo, na kwamba kabla ya hapo alikuwa benki. Basi utapata kitu kama hiki:

"Fulani ni mshauri mwandamizi wa usimamizi wa fedha, na husaidia vyuo na mashirika yasiyo ya kiserikali kupanga bajeti na kudhibiti matumizi. Katika kazi ya hivi karibuni aliunda upya utaratibu wa kuidhinisha malipo wa chuo chenye kampasi tatu, na hatua za idhini zikapungua kutoka tisa hadi nne. Kabla ya kujiunga na kampuni mwaka 2018, alikuwa mkaguzi wa ndani katika benki ya biashara. Ana Shahada ya Uzamili ya Uhasibu na Fedha."

Ni maneno 69. Weka mpaka wa kati ya 55 na 75 kwa kila mtu, na usimruhusu yeyote kuuvuka, kwa kuwa visanduku vya ukurasa vikipishana kwa urefu, jicho hufikiri kwamba mwenye kisanduku kirefu ndiye mkubwa.

Siri_ya_Mteja

Ndugu Kalamu, sentensi zako ni nzuri, lakini mfano wako ungeniletea barua ya wanasheria. "Chuo chenye kampasi tatu" katika fani ambayo kampuni ina mteja mmoja wa namna hiyo ni sawa na kutaja jina. Zaidi ya hapo umeutangazia ulimwengu kwamba malipo yao yalikuwa yakipitia hatua tisa, jambo ambalo mkuu wa fedha wa chuo hicho hatalifurahia. Mikataba mingi ya ushauri elekezi ina kifungu cha usiri ambacho hakiishii kwenye jina la mteja, bali kinagusa taarifa yoyote iliyopatikana wakati wa kazi.

Kalamu_Nyekundu

Nakubali, nilikuwa nikiangalia sentensi nikasahau mteja. Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni kumwandikia mteja na kumwonyesha sentensi yenyewe kama itakavyochapishwa, kwa sababu mteja akiulizwa jumla jumla hujibu "hapana", lakini akiona maneno 20 yasiyo na ubaya mara nyingi hukubali. Ya pili ni kulegeza upande unaomtambulisha na kubakiza kitendo: "aliunda upya utaratibu wa kuidhinisha malipo wa taasisi ya elimu ya juu", bila kampasi wala idadi ya hatua. Wasifu utapoteza uzito kidogo, ila kitenzi kitabaki, na kitenzi ndicho kinachomtofautisha na wenzake.

Ukilegeza kwa mmoja, basi legeza kwa wote kwa kiwango kile kile. Usiache mmoja ana takwimu za mteja na mwingine ana "taasisi moja".

Fundi_Violezo

Haya, nimekubali kuhusu "Ana, Ana". Nimekwenda kusoma ukurasa mmoja nilioutengeneza mwenyewe, na ni kweli, unachosha. Lakini hamjajibu kuhusu wachanga. Mchambuzi wa mwaka mmoja hana "kabla ya kujiunga", na kazi yake moja ni kusafisha takwimu. Mtamfikishaje maneno 55 bila kumpamba?

Bintiye_Mhariri

Niliwahi kuwa huyo mchambuzi. Mwandishi wa tovuti yetu alinijazia nafasi kwa kuandika kwamba ninapenda kusafiri na kusoma, wakati wenzangu wote walikuwa wametajwa kwa kazi zao. Mteja wa kwanza niliyekutana naye aliniuliza kuhusu safari zangu, na katika kikao kizima hakuniuliza lolote kuhusu utafiti niliokuwa nimeufanya mimi mwenyewe. Kama mambo ya nje ya kazi yanawekwa, yawekwe kwa mbia pia. Kama hayawekwi, yasiwe kiraka cha wachanga.

Kalamu_Nyekundu

Bintiye amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema. Kwa mchanga, sentensi ya tatu na ya nne huungana kuwa moja, na hakuna kinachopotea: "Fulani ni mchambuzi katika timu ya utafiti wa masoko, na huandaa madodoso, husimamia ukusanyaji wa takwimu na kuzisafisha kabla ya uchambuzi. Katika kazi ya hivi karibuni aliratibu mahojiano 120 ya wauzaji wa rejareja. Alijiunga na kampuni mwaka 2023 baada ya kuhitimu Shahada ya Kwanza ya Takwimu."

Ukihesabu utakuta ni pungufu ya 55, na hapo naulegeza mpaka wangu kwa upande wa chini. Ufupi wa kweli haumdhalilishi mtu. Kinachomdhalilisha ni mbia mwenye maneno 200 kuwekwa kando ya mchambuzi mwenye 30. Tena "kusafisha takwimu" si aibu kuliandika. Mteja anayejua kazi hii anafahamu kwamba ripoti nyingi huharibikia hapo.

Mzee_wa_Itifaki

Mimi nina swali ambalo naona mmelipita. Watu wataitwaje? Katika mifano yenu mnaandika "Fulani" peke yake, lakini kampuni yenye heshima huandika Dkt., Mhandisi, Bw. na Bi. Kumwita mbia aliyepita miaka 60 kwa jina moja tupu, kama mtoto wa jirani, hakukubaliki kwetu.

Kalamu_Nyekundu

Mzee, heshima yako. Ninavyofanya mimi ni kuandika jina kamili mara moja juu ya wasifu, pamoja na Dkt. au Mhandisi kwa aliye nayo, kisha ndani ya maandishi jina lisirudi kabisa. Kiswahili kinaturuhusu: baada ya sentensi ya kwanza, "ali-" na "hu-" vinatosha, na msomaji hapotei. Jina hulazimika kurudi pale tu unapomtaja mtu mwingine katikati, kwa mfano "alifanya kazi chini ya mkurugenzi wa fedha, na aliondoka mwaka 2018", ambapo haijulikani ni nani aliyeondoka. Dawa ni kumwondoa huyo mtu mwingine.

Bw. na Bi. mimi huziacha, kwa kuwa lugha yetu haimlazimishi mtu kujulikana jinsia yake kwenye kitenzi, na sioni sababu ya kuirudisha kwa mlango wa nyuma.

Mzee_wa_Itifaki

Na anayepiga simu atasema "Naomba kuzungumza na nani"? Jina pekee mara nyingi halimwambii kama ni bwana au bibi. Hapo sikubaliani nawe, na nadhani wateja wangu hawatakubaliana nawe pia.

Bintiye_Mhariri

Waulizwe wenyewe, kisha chochote kitakachoamuliwa kiwe cha wote. Ubaya ni ukurasa wenye "Bi." kwa wanawake watatu na wanaume wote wamebaki na majina matupu. Nimeuona ukurasa wa namna hiyo zaidi ya mara moja.

Mtunza_Kurasa

Narudi baada ya majuma mawili kueleza nilipofikia. Nilituma maswali manne badala ya kuomba wasifu, na watu 12 kati ya 14 walijibu ndani ya siku nne, wengi kwa mistari michache tu, jambo lililonirahisishia kazi. Sifa za masomo zilinisumbua kuliko nilivyotarajia, maana kulikuwa na "digrii ya pili", "masters", "Shahada ya Umahiri" na "Shahada ya Uzamili", zote zikimaanisha kitu kimoja. Nimeandika karatasi moja ya maamuzi, na nimechagua "Uzamili" kwa wote. Kuhusu Bw. na Bi. wabia wameniambia nisubiri.

Mbia mmoja amekubali maneno 74. Wa pili ana 210 na hataki kupunguza hata neno, kwa hoja kwamba wateja huja kwa ajili yake. Nimempendekezea kwamba kwenye ukurasa wa timu akae na maneno yale yale kama wengine, na maelezo marefu yawe kwenye ukurasa wake wa ndani. Hajajibu.

Fundi_Violezo

Ukimpa ukurasa wa ndani, wapewe wote. La sivyo umerudi ulikotoka.

Kalamu_Nyekundu

Kwa hilo mimi na Fundi tunatofautiana. Ukurasa wa ndani hufunguliwa na aliyekwisha kuamua kumtafuta mtu huyo, na hauwekwi kando ya wengine kulinganishwa. Ila angalia usije ukaahidi kurasa 14 za ndani ambazo nusu zitakaa tupu.

Mtunza_Kurasa

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia kabisa. Nilifuata wazo la kuzisoma zote mfululizo, nikazipanga kwenye jedwali: kila mtu mstari wake, kila sentensi safu yake. Nilipoteremka kwenye safu ya pili peke yake, nilikuta watu watatu wanasema "aliongoza", na kwa maelezo yao ni kazi ile ile moja, mwaka ule ule. Kila mmoja alipokuwa na wasifu wake wa maneno mengi, hakuna aliyeweza kuliona hilo.

Nimeirudisha safu hiyo kwa mbia aliyesimamia mradi, bila majina mengine, nikamwomba aandike kitenzi kimoja kwa kila mtu. Amerudisha "aliongoza" kwa mmoja, "alisanifu dodoso" kwa wa pili, na kwa wa tatu ameacha wazi na kuandika pembeni: "Tuzungumze."

Siri_ya_Mteja

Ukishazungumza naye, usisahau kwamba huyo wa tatu ana wasifukazi wenye neno hilo hilo kwenye zabuni zilizokwisha kutumwa.

Zabuni_Daima

Hapo sasa ndipo mmenigusa. Ngoja nikafungue mafaili yetu.